Kumwandikia rafiki barua ya deni baada ya tarehe ya ahadi kupita

Barua inayozungumzwa hapa ni ile ya kwanza. Tarehe mliyokubaliana imepita, pesa haijarudi, urafiki bado upo, na unaona ukikaa kimya deni litazoeleka. Kazi ya barua hii ni moja tu: kumfanya rafiki yako akuandikie, kwa maneno yake, kiasi atakacholipa na tarehe atakayolipa. Wengi wanaoandika barua ya namna hii hutaka iwafanyie mambo matatu kwa pamoja: ilete pesa leo, ieleze walivyoumia, na impe mdaiwa fundisho. Hapo ndipo inapoharibika, maana mtu anayesomewa makosa yake hujitetea, na anayejitetea hataji tarehe.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mama Faraji wa Dar es Salaam alimkopesha rafiki yake Mama Nuru shilingi 600,000 za kuongezea mtaji wa duka la vitenge. Pesa zilitumwa kwa simu tarehe 3 Machi 2025, ahadi ikawa zirudi tarehe 30 Juni. Tarehe 12 Mei zilirudi 150,000. Baada ya hapo, kimya. Leo ni Jumanne tarehe 8 Julai.

Kusanya kumbukumbu kabla ya kuandika neno lolote

Tafuta ujumbe wa muamala wa siku uliyotuma pesa. Ukiwa umeufuta, omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu, au itazame kwenye programu yao. Andika pembeni tarehe, kiasi, na namba ya muamala. Fanya hivyo hivyo kwa kila shilingi iliyorudi, hata ile 20,000 aliyokupa mkononi sokoni. Mkopeshaji akisahau malipo madogo, mkopaji hayasahau, na jibu la barua litakuwa kuhusu hiyo 20,000 badala ya deni lenyewe.

Ujumbe wa muamala una upungufu mmoja mkubwa: unaonyesha kwamba pesa zilihama, hausemi kwamba zilikuwa mkopo. Zinaweza kuwa zawadi, mchango wa harusi, au malipo ya kitu ulichonunua. Kwa hiyo tafuta pia mazungumzo yenu ya siku zile, mahali alipoandika kitu kama “niazime laki sita, mwisho wa mwezi wa sita nakurudishia”. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko risiti. Ipige picha ya skrini, kisha fungua wasifu wake upige picha nyingine inayoonyesha namba yake ya simu, kwa sababu kwenye mazungumzo huonekana jina ulilomhifadhi wewe, na jina hilo mtu yeyote anaweza kulibadili. Angalia pia kama mliwasha ujumbe wa kutoweka wenyewe kwenye WhatsApp. Kama umewashwa, uzime leo na uhifadhi kilichobaki.

Kama hakuna maandishi yoyote ya makubaliano, yaani mlipatana kwa mdomo, usikate tamaa. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, na barua hii ndiyo itakayozaa maandishi ambayo hayakuwepo. Jibu lake la “naomba univumilie hadi mwezi wa nane” ni kukiri deni. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, madai ya mkataba yana miaka 6 tangu siku deni lilipotakiwa kulipwa, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla ya muda huo kuisha, hesabu ya miaka huanza upya. Hutegemei kufika huko na rafiki yako. Ila ni vizuri ujue kwamba mstari mmoja aliouandika yeye una faida hata kama hamtauhitaji kamwe.

Wapo wanaoona kuandika ni kumshuku mwenzako. Kwa msomaji Mwislamu hilo lilishasemwa: aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, na aya ya 280, kabla yake kidogo, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi hadi apate wepesi. Barua nzuri inabeba yote mawili: inaandika, na inatoa nafasi.

Amua unachoweza kukubali

Usiandike kwanza halafu ndiyo ufikirie. Kaa na karatasi ujibu maswali mawili. Pesa hizi mwisho wake ni lini, siku ambayo zikivuka hapo utaumia kweli? Na je, uko tayari kuzipokea kidogo kidogo?

Kwa Mama Faraji, deni lililobaki ni 450,000, na anazihitaji kwa awamu ya ada ya mtoto mwishoni mwa Septemba. Huo ndio ukingo wake. Sasa amtazame mdaiwa: Mama Nuru si mwajiriwa. Hana siku ya mshahara. Pesa zake huingia kila siku, nyingi zaidi Ijumaa na Jumamosi, na zikikaa dukani wiki mbili zinageuka mzigo mpya wa vitenge. Kumwambia mfanyabiashara wa namna hii alete 450,000 kwa siku moja ni kumtaka aache kununua mzigo kwa wiki kadhaa. Lakini 45,000 kila Jumamosi jioni, kabla pesa haijageuka kitambaa, inawezekana, na kwa Jumamosi 10 deni linakwisha.

Mdaiwa angekuwa mwalimu au karani, mpango ungekuwa mwingine: mara mbili au tatu, siku moja au mbili baada ya mshahara, kabla mwenye nyumba na kikoba hawajachukua chao. Wengi hukosea hapa. Wanataja “mwisho wa mwezi” kwa kila mtu, kisha wanashangaa ahadi ya pili nayo inavunjika. Tarehe ya kulipa lazima ifuate siku pesa inapoingia kwa yule anayelipa.

Riba wala faini usiongeze kama hamkukubaliana mwanzoni. Hata ukiwa na hasira, hata kama ungeziweka benki zingekuzalia. Kiasi kinachozidi mlichopatana humpa mdaiwa haki ya kubishana, na ubishi juu ya 20,000 ya faini unaweza kuchelewesha 450,000 halali.

Na kama moyoni umeshasamehe deni, usiandike barua hii kabisa. Mwambie umesamehe. Kudai pesa ambayo hutaifuatilia kunamfundisha mtu kwamba barua zako hazina maana.

Chagua siku

Toa siku kati ya 5 na 10 baada ya tarehe kupita. Ukiandika kesho yake asubuhi unaonekana ulikuwa unahesabu saa. Ukikaa miezi miwili, yeye ameshajizoesha kuamini umesahau, na kukumbushwa kutamshtua kama deni jipya. Ndani ya siku hizo piga simu moja ya kawaida. Asipopokea au akisema “nitakucheki”, hapo barua ina nafasi yake.

Kama ana msiba, mgonjwa hospitalini, au ndiyo kwanza amejifungua, ngoja. Pia epuka kuandika usiku. Ujumbe wa deni unaosomwa saa tano usiku hujibiwa kwa uchungu au haujibiwi. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi inafaa zaidi, mtu akiwa ameamka, amekunywa chai, na ana muda wa kufikiri kabla ya jioni.

Barua yenyewe

Hii hapa barua ya Mama Faraji, nzima:

> Assalaam alaykum Mama Nuru, habari za nyumbani? Natumaini wote hamjambo na Nuru anaendelea vizuri na shule.
>
> Nakuandikia kuhusu zile pesa za mtaji wa vitenge. Tarehe 3 Machi 2025 nilikukopesha sh. 600,000 kwa M-Pesa, kwenye namba yako inayoishia 214, tukakubaliana zirudi tarehe 30 Juni. Tarehe 12 Mei ulinirudishia sh. 150,000, nashukuru. Zimebaki sh. 450,000. Tarehe 30 Juni imepita na bado sijazipokea.
>
> Najua biashara ina siku zake. Lakini pesa hizi nimezipangia ada ya Faraji ya mwezi wa tisa, kwa hiyo nahitaji tujue zinarudi lini. Naona njia mbili:
>
> 1. Unirudishie zote 450,000 kufikia Alhamisi tarehe 31 Julai; au
>
> 2. Unitumie 45,000 kila Jumamosi kuanzia tarehe 19 Julai, kwa wiki 10, tumalize tarehe 20 Septemba.
>
> Ukiwa na mpango mwingine unaoona utauweza, niandikie kiasi na tarehe, nitausikiliza, ili mradi tusivuke mwezi wa tisa. Ya kutolea usiongeze, hiyo nitabeba mimi.
>
> Naomba unijibu kwa maandishi hapa hapa kufikia Jumatatu tarehe 14 Julai jioni, hata jibu likiwa fupi. Jambo hili ni kati yangu na wewe, sijamwambia mtu.
>
> Wako,
> Mama Faraji

Ni ndefu kidogo tu kuliko ujumbe wa kawaida, na inasomeka bila kuvuta pumzi mara mbili. Kila sehemu imewekwa kwa sababu.

Salamu iko mwanzo, na si kwa adabu peke yake. Ujumbe ukiingia, simu huonyesha mstari wa kwanza juu ya skrini hata ikiwa imefungwa. Ukianza na “Kuhusu deni la 450,000”, mume, mtoto, au mteja aliye karibu na simu amekwisha kusoma. Inawezekana Mama Nuru hakumwambia mumewe kwamba alikopa. Salamu ya kutosha mstari mzima inamfichia siri yake hadi afungue mwenyewe. Mwite pia kwa jina mnaloitana siku zote. Ukimzoea kwa “Mama Nuru” kisha leo umwandikie “Ndugu” na majina yake matatu, ameshaona mahakama kabla hajafika kwenye kiasi. Kinachomtambulisha kwenye kumbukumbu ni namba ya simu, nayo imetajwa kwa tarakimu zake za mwisho.

Aya ya pili ina mambo matano tu: siku ya mkopo, kiasi, siku ya ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Hakuna neno la hukumu hata moja. Tazama sentensi ya mwisho: kilichopita ni tarehe, na aliyetajwa ni mwandishi ambaye bado hajapokea. Haisemi “umevunja ahadi”, wala “hukulipa”. Ukitaka lazima kumtaja yeye, andika “hujalipa”, maana bado lina nafasi ya kutimia, wakati “hukulipa” limeshafunga hesabu. Na ile “nashukuru” kwa laki moja na nusu ni ya kweli: aliyelipa robo ya deni kabla ya siku yake ameonyesha nia, na nia hiyo ndiyo unayoitaka irudi.

Sababu ya kuhitaji pesa imetajwa mara moja, kwa maneno machache, na ni ya kweli. Usiiongeze. Ukieleza ada, kodi, mgonjwa wa kijijini na gari lililoharibika, unaanza kuomba msaada kwa pesa yako mwenyewe, na msomaji anaanza kupima kama shida zako zinazidi zake. Atakuta zake zinazidi. Deni linadaiwa kwa sababu ni deni. Sababu yako inaonyesha tu kwa nini Septemba ndiyo mwisho.

Njia mbili zina kazi kubwa kuliko zote. Ukiuliza “utalipa lini?”, jibu rahisi ni “karibuni, Mungu akipenda”. Ukimpa mbili zenye tarehe na kiasi, swali linageuka kuwa ipi, na hata anayezikataa zote hulazimika kutaja ya tatu. Andika siku ya wiki pamoja na tarehe, Jumamosi tarehe 19, ili asiseme alichanganya. Na piga hesabu mara mbili: 45,000 mara 10 ni 450,000, na Jumamosi ya kumi kuanzia 19 Julai ni kweli 20 Septemba. Barua ya kudai ikiwa na hesabu mbovu inapoteza heshima yake yote.

Kubeba gharama ya kutolea ni upole unaogharimu kidogo. Kwa malipo 10 ya 45,000 kuna makato kila mara, nayo ni kisingizio kizuri cha kuruka wiki. Umemwondolea.

Tarehe ya kujibu ni tofauti na tarehe ya kulipa, na haipaswi kukosekana. Siku 5 au 6 zinatosha. Kujibu hakuhitaji pesa, kwa hiyo hata asiye na senti anaweza kutimiza ombi hili, na asipotimiza umepata habari muhimu kuhusu msimamo wake mapema, badala ya kungoja hadi mwisho wa Julai.

Maneno yanayoiharibu

Kuna ya kuilegeza na kuna ya kuichoma. Ya kulegeza ni kama “kama utaweza lakini”, “samahani sana kwa usumbufu”, “usijali hata kidogo kidogo tu”, na lile baya kuliko yote, “najua umebanwa, ukipata utaniambia”. Hilo la mwisho linafuta tarehe zote ulizoandika juu yake. Msomaji aliyebanwa hushika sentensi laini kuliko zote na kuacha nyingine. Kwa hiyo upole uuweke kwenye salamu, kwenye shukrani, kwenye njia mbili, kwenye siri unayomtunzia, na usiuweke kwenye kiasi wala tarehe.

Ya kuchoma ni yale ya kuonyesha kwamba unamfuatilia: “nimeona umenunua friji”, “harusi ya juzi ulivaa sare mpya”. Pengine friji aliletewa, pengine sare alikopa pia. Utakuwa umehamisha mazungumzo kutoka kwenye pesa zako hadi kwenye maisha yake, na huko hatakubali mtu aingie. Methali nazo ziache. “Kukopa harusi, kulipa matanga” ni kweli tupu, lakini ndani ya barua ni kijembe, na kijembe hujibiwa kwa kijembe. Wala usiweke fumbo kwenye status ukidhani hajui. Anajua, na watu kumi wengine wanaokufahamu wanajua pia.

Vitisho navyo visiingie katika barua ya kwanza. Kumtaja mwanasheria au serikali ya mtaa kabla hujamwomba hata jibu kunamfanya aende kujipanga badala ya kulipa. Kumtangaza kwenye kundi la kikoba au mtandaoni ni hatari kwako wewe: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inagusa ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu, na mdai aliyekuwa na haki yake yote anaweza kujikuta yeye ndiye anayejibu maswali.

Kuituma

Iandike kwanza mahali pengine, kwenye daftari au sehemu ya kuandikia maelezo kwenye simu, uilaze usiku mmoja, asubuhi uisome kwa sauti. Halafu itume kama ujumbe mmoja mzima. Barua iliyokatwa vipande saba vinavyoingia kimoja kimoja, simu ikilia kila kimoja, inasikika kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Ujumbe wa sauti haufai kwa kazi hii: hauna tarehe za kurudia kutazama, na sauti yako ikitetemeka ndiyo atakayoikumbuka.

Rafiki asiyetumia simu janja mpelekee karatasi, iliyofungwa kwenye bahasha, mkononi mwake. Usimpe mtoto wala dada wa kazi. Piga picha ya karatasi kabla ya kuifunga.

Ukishatuma, acha. Usitume “umeiona?” baada ya saa mbili. Umempa hadi Jumatatu, basi Jumatatu ifike.

Jibu likija

Jibu litakalokuja mara nyingi ni hili: “Mama Faraji nimeiona, univumilie kidogo mambo yatakaa sawa.” Ni jibu la heshima, lakini halina kiasi wala tarehe, hivyo barua bado haijajibiwa. Usikasirike. Rudisha kwa mistari miwili: “Asante kwa kunijibu. Niambie basi tushike ipi, ya tarehe 31 Julai au ya kila Jumamosi, ili niache kukusumbua.” Watu wengi hutaja wenyewe wakiulizwa mara ya pili kwa utulivu.

Akipiga simu au akatuma sauti, msikilize, mpe pole panapostahili, kisha baada ya mazungumzo andika wewe: “Nimeelewa hivi: utaanza Jumamosi tarehe 26 Julai, 40,000 kila wiki, na kitakachobaki mwezi wa tisa utamalizia kwa mkupuo tarehe 27 Septemba. Kama ndivyo, nijibu sawa.” Piga hesabu kabla ya kutuma: kuanzia 26 Julai hadi 20 Septemba ni Jumamosi 9, sawa na 360,000, na mkupuo wa 27 Septemba utakuwa 90,000. Uandike kiasi hicho pia, maana “kitakachobaki” ni neno linalokua likiachwa bila tarakimu. Yeye akijibu “sawa” tu, mmeandikiana.

Anaweza kukuambia jambo zito: duka limeungua, mtoto amelazwa. Hapo sogeza tarehe bila kubishana, lakini usiiondoe. “Pole sana, shughulikieni mgonjwa kwanza. Tuzungumze tena tarehe 1 Agosti.” Kusogeza hadi siku inayojulikana humpa ahueni kamili; “usijali” tupu humwacha na aibu isiyo na mwisho, na wengi wenye aibu hiyo huanza kukwepa njia unayopita.

Akibisha kiasi, mtumie orodha ya miamala tu, bila maoni. Akisema alidhani ulikuwa msaada, mtumie ile picha ya maneno yake mwenyewe ya mwezi Machi, na uandike chini yake “nilielewa hivi”. Usiongeze kitu.

Kimya kikiendelea

Tarehe 14 ikipita bila jibu, toa siku chache, piga simu moja, kisha andika ya pili. Hii ni fupi, na ndiyo inayotaja hatua itakayofuata. Taja hatua moja tu, iliyo ndogo kuliko zote, na ambayo kweli utaichukua:

> Mama Nuru, salaam. Nilikuandikia tarehe 8 Julai kuhusu sh. 450,000 zilizobaki, nikaomba jibu kufikia tarehe 14. Sijalipata. Sipendi jambo hili litoke nje yetu. Ikifika Ijumaa tarehe 25 Julai bila jibu, nitamwomba Bi Zuhura akae nasi wawili tupange. Ukinijibu kabla ya hapo, hatutahitaji.

Mtu wa kati awe yule mnayemheshimu wote wawili, na si ndugu yako wala mumewe. Kazi yake ni kukaa nanyi na kuwafanya mwandike makubaliano: kiasi, tarehe, saini mbili, na yeye kama shahidi, nakala moja kwa kila mmoja.

Hilo likishindikana, kuna ofisi ya serikali ya mtaa, ambako makubaliano huandikwa mbele ya mwenyekiti na kugongwa muhuri, na baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na mtu anaweza kujieleza mwenyewe. Kwa walio Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya. Polisi si mahali pake: kushindwa kulipa mkopo wa kirafiki ni madai, si jinai, na mdai anayetumia askari kama wakusanya madeni anaweza kujiingiza pabaya yeye mwenyewe.

Pesa zikianza kuingia

Kila malipo yajibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, ukitaja kilichoingia na kilichobaki: “Nimepokea 45,000 ya leo tarehe 19 Julai, asante. Zimebaki 405,000.” Inamtia moyo kuona namba inashuka, na inazuia ule ubishi wa wiki ya sita ambapo yeye amehesabu malipo sita na wewe matano. Akiruka Jumamosi moja, mkumbushe Jumapili asubuhi kwa mstari mmoja, bila kurudia barua yote: “Mama Nuru, ya jana sijaiona. Tuiweke pamoja na ya wiki ijayo, iwe 90,000?” Akiruka mbili mfululizo, kiwango hakimfai. Shusheni hadi 30,000 na muongeze wiki, hata kama Septemba itavuka kidogo, ila mkubaliane upya kwa maandishi na mtaje Jumamosi ya mwisho.

Malipo ya mwisho yakiingia, andika: “Nimepokea 45,000 za mwisho leo tarehe 20 Septemba 2025. Mkopo wa 600,000 wa tarehe 3 Machi umekwisha wote, sikudai kitu.” Yeye ana haki ya kuwa na maneno hayo kwenye simu yake, kama wewe ulivyokuwa na haki ya kuwa na ya kwake. Na kama mlimhusisha Bi Zuhura, mpelekee habari hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye alimsikia Mama Nuru akidaiwa na anastahili kusikia kwamba amelipa.